Tundu la Usiku wa Kwanza, Uchungu wa Mwezi wa Pili

Kisu kikishapita katikati ya jibini, mengi aliyokosea mtengenezaji yanabaki wazi kwenye uso ule uliokatwa. Vitundu vingi vidogo vya duara, vilivyosambaa kila mahali, ni kazi ya saa ishirini na nne za kwanza. Mpasuko mpana wenye harufu kali, uliofumua jibini katikati, ni kazi ya wiki kadhaa baadaye. Uchungu nao hauonekani kwa macho. Hujificha mwezi wa kwanza, kisha huja ulimini, nyuma kabisa, baada ya mtu kumeza. Anayejua kusoma uso huo haulizi tu ni kosa gani lililofanyika. Huuliza lilifanyika lini, na jibu la swali hilo ndilo humpeleka kwenye sufuria, kitambaa, tangi la maji au ndoo ya chumvi inayostahili kulaumiwa.

Ustadi huo nimeuona kwa mama mmoja anayeishi upande wa Kiganjo, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Anafuga ng'ombe wa gredi bandani, kama wafugaji wengi wa Mukurwe-ini, Othaya na Karatina, na maziwa yake mengi huenda kwenye chama cha ushirika. Yanayobaki anayafanya gauda, jibini yenye asili ya Uholanzi ambayo hapa Kenya imepata makao, kiasi kwamba Nyeri yenyewe ina kiwanda cha jibini, Raka. Yeye hana mashine. Ana sufuria kubwa, kipimajoto, kisu kirefu, kalibu mbili za plastiki zenye matundu, mawe ya kukandamizia, na chumba cha nyuma cha mawe kisichopata jua. Nyeri iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,750, kwa hiyo chumba hicho hubaki na baridi inayoifaa jibini miezi mingi ya mwaka bila umeme wowote.

Kazi yenyewe inasimulika kwa maneno machache. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 63 na kushikiliwa hapo kwa dakika 30, kisha hupozwa haraka hadi 32. Hutiwa mbegu, yaani bakteria wale wale wa jamii inayogandisha mala, na kuachwa kidogo waamke. Ndipo hutiwa reneti, dawa ya kugandisha, iliyozimuliwa kwa nusu kikombe cha maji. Baada ya nusu saa hivi mgando hukatwa vipande vidogo, theluthi moja ya maji ya maziwa hutolewa, na maji safi ya moto huingizwa polepole mpaka sufuria ifike nyuzi 37. Mgando hukusanywa kwenye kalibu, hukandamizwa mpaka jioni, hulala usiku mmoja, na asubuhi huzamishwa kwenye maji ya chumvi. Lita kumi za maziwa hutoa takriban kilo moja ya jibini.

Katika mlolongo huo kuna jambo ambalo wengi wanaoanza hawalitazami. Chumvi huja mwisho. Kuanzia asubuhi maziwa yanapotiwa mbegu hadi kesho yake, jibini haina chembe ya chumvi ya kuilinda. Hata baada ya kuzamishwa, chumvi huanzia kwenye ngozi na kupenya ndani taratibu mno. Jibini ya kilo moja huchukua siku nyingi kabla moyo wake haujakolea sawa na ngozi, na gurudumu kubwa la kiwandani huchukua wiki nyingi. Usiku wa kwanza, basi, jibini hulindwa na vitu viwili tu, navyo ni usafi wa kilichoingia na kasi ya asidi inayotengenezwa na mbegu.

Kijana wa jirani yake aliyejifunza kutengeneza gauda alikuja siku moja na jibini iliyotuna juu na chini. Ilikuwa laini kama sponji, na ilipokatwa ilijaa vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, na harufu yake ilikuwa ya zizi.

"Mama, mara hii niliongeza chumvi maradufu, na bado imefura."

"Chumvi uliitia saa ngapi, mwanangu?"

"Asubuhi, nilipoitoa kwenye kalibu."

"Na kufura ilianza saa ngapi?"

Kijana alifikiri. Usiku, kabla ya kulala, alikuwa ameona jiwe limeinuka upande mmoja.

Hapo alikuwa amejijibu mwenyewe. Chumvi aliyoiongeza ilifika wakati gesi imeshatengenezwa. Wanaotengeneza gesi hiyo ni kolifomu, bakteria wa jamii inayoishi katika utumbo wa ng'ombe na wa watu, na pia udongoni na kwenye maji machafu. Chakula chao ni sukari ya maziwa. Wakiila hutoa asidi, kabonidayoksaidi na haidrojeni. Kabonidayoksaidi huyeyuka kwa kiasi katika unyevu wa jibini, lakini haidrojeni karibu haiyeyuki kabisa, na ndiyo maana jibini hufura ghafla hivyo. Katika joto la sufuria bakteria hawa huweza kujigawa kila nusu saa hivi, kwa hiyo mmoja aliyeingia asubuhi anaweza kuwa milioni moja kufika jioni. Isitoshe, mgando unapojikaza huwanasa wengi wao ndani na kuyaacha maji yatoke, hivyo idadi yao kwa kila gramu ya jibini huzidi ile iliyokuwa kwenye maziwa.

Joto la nyuzi 63 kwa nusu saa huwaua. Kijana aliapa kwamba alishika joto hilo na kipimajoto chake kilikuwa kizima. Basi waliingia baada ya hapo, na kazi ikawa kutafuta mlango waliopitia. Nilichokipenda kwa mama huyu ni kwamba hakubahatisha. Alichukua chupa nne za kioo, akazichemsha, akajaza kila moja maziwa aliyoyapasha mwenyewe na kuyapoza. Ya kwanza hakuitia kitu. Ya pili aliitia kijiko cha maji aliyosuuzia mikebe ya kijana. Ya tatu aliitia maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye kitambaa chake cha kuchujia. Ya nne aliitia kijiko cha maji ambayo kijana alitumia kuzimulia reneti. Zote akaziongezea matone ya reneti iliyozimuliwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, akaziweka kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, nyuzi 37, akaifunika blanketi mpaka asubuhi. Jaribio hili la chupa ni la zamani katika kazi ya jibini, na halihitaji maabara.

Asubuhi chupa ya kwanza na ya pili zilikuwa na mgando laini usio na tundu, wenye harufu tamu ya maziwa. Ya tatu ilikuwa na vitundu vichache. Ya nne mgando ulikuwa umechanika, umeelea juu ya maji yake, umejaa vitundu, na alipofungua kifuniko chumba kizima kilijua.

Sababu ya maji yale inanifurahisha kuieleza, kwa maana ilitokana na ushauri wa kweli uliofuatwa nusu. Kijana alikuwa ameambiwa kwamba klorini ya maji ya bomba huiharibu reneti, na ni kweli, hasa inapozimuliwa na kukaa kwa dakika kadhaa. Akaacha maji ya bomba, akaenda kwenye tangi la mvua. Maji ya tangi hayana klorini, lakini yamepita juu ya mabati ambako ndege hutua na vumbi la barabara hukaa. Yalionekana safi kabisa kwenye kikombe. Maji ya kuoshea mgando alikuwa ameyachemsha, kwa sababu lazima yawe ya moto. Ya reneti yalitakiwa yawe baridi, kwa hiyo hayakuwahi kuona moto. Nusu kikombe hicho kilimwagwa kwenye maziwa ya nyuzi 32 ambayo hayatapashwa tena. Dawa yake ni kuyachemsha maji jioni, ya bomba au ya tangi, kuyafunika na kuyaacha yapoe. Moto huua bakteria na pia huifukuza klorini.

Kitambaa nacho hakikusamehewa. Kilikuwa kimefuliwa kwa sabuni na kuanikwa kwenye ua. Sasa huoshwa kwanza kwa maji baridi ili protini ya maziwa isigande kwenye nyuzi zake, ndipo hufuliwa, huchemshwa, na huchemshwa tena asubuhi ya kazi kabla hakijagusa mgando. Mikebe ya aluminiamu ilipona kwa sababu ni myepesi kusugua. Mtungi wa plastiki uliokwaruzwa ndani usingepona, kwani hakuna brashi inayofika ndani ya mikwaruzo.

Mlinzi wa pili, asidi, anaweza kulala hata pale usafi ulipo. Jibini ya gauda inapaswa kufika pH 5.2 au 5.3 kufikia asubuhi, na sukari yote iwe imeliwa na mbegu. Mbegu ikiwa dhaifu, sukari hubaki, na kolifomu wachache waliojipenyeza huipata meza imeandaliwa. Kinacholaza mbegu mara nyingi mashambani ni dawa ya ugonjwa wa kiwele. Antibayotiki iliyodungwa kwenye chuchu hutoka na maziwa kwa siku kadhaa, na siku za kusubiri huandikwa kwenye pakiti. Bakteria wa mbegu huuawa na kiasi kidogo sana cha dawa za jamii ya penisilini, ilhali kolifomu wengi hawazisikii. Mtu anakuwa amemfunga kamba mlinzi na kumwacha mwizi huru. Kipimo cha mama huyu ni kikombe kimoja cha maziwa na kijiko cha mala nzuri. Kisipoganda kufikia kesho, maziwa yale hayaingii kwenye sufuria ya jibini.

Si kila tundu ni kosa, lazima niseme. Katika mbegu nyingi za gauda wamo bakteria wanaokula asidi ya sitriki ya maziwa na kutoa gesi kidogo, polepole. Hao huacha macho machache ya mviringo, yanayong'aa ndani, ya ukubwa wa njegere, na jibini hubaki na umbo lake. Tundu lenye pembe, lisilong'aa, ni la hewa iliyobaki kati ya vipande vya mgando kwa sababu havikukandamizwa vikiwa na joto. Hilo halidhuru mtu. Ile iliyofura usiku wa kwanza na kunuka zizi hailiwi wala haionjwi. Mama aliitupa ya kijana mbele yake, yote.

Chumvi huanza kutawala baada ya hapo. Maji ya chumvi ya mama huyu ni kilo mbili za chumvi kwa lita nane za maji yaliyochemshwa, yaani asilimia 20, na hukaa chumba cha baridi. Anapima kwa mizani, hapimi kwa yai. Yai bichi huelea maji yakiwa na chumvi asilimia kumi hivi, nusu ya inayohitajika, na wengi huridhika hapo. Maji dhaifu ya namna hiyo huilainisha ngozi ya jibini, ikawa na utelezi, na ndani ikabaki bila chumvi ya kutosha. Kila jibini inayozamishwa huondoka na chumvi na kuacha maji, kwa hiyo baada ya jibini kadhaa ndoo iliyokuwa na asilimia 20 haina tena. Jibini ya kilo moja anaiacha humo kama saa kumi, akiigeuza katikati na kuinyunyizia chumvi upande unaochungulia juu. Anacholenga ni chumvi ya asilimia mbili hivi kwa uzito wa jibini iliyoiva.

Chumvi hiyo ndiyo inayoamua habari ya uchungu. Reneti haimalizi kazi yake maziwa yanapoganda. Sehemu yake ndogo hubaki ndani ya mgando na kuendelea kukata protini ya maziwa kwa wiki na miezi, na ukataji huo ndio huifanya jibini ilainike na kupata ladha. Protini ile ni mnyororo mrefu, na baadhi ya vipande vinavyokatwa kutoka humo, vile vinavyopenda mafuta kuliko maji, ni vichungu kwa ulimi wa binadamu. Katika jibini iliyofanywa vizuri vipande hivyo havikusanyiki, kwa sababu bakteria wa mbegu wana vimeng'enya vya kuvikatakata tena mpaka viishe uchungu. Uchungu hutokea reneti inapokata haraka kuliko mbegu inavyoweza kusafisha. Chumvi huizuia reneti isikate protini inayotoa vipande vichungu zaidi. Ikipungua, hesabu huharibika. Ndiyo maana jibini yenye chumvi kidogo huwa tamu wiki ya pili na chungu wiki ya nane.

Upande wa reneti, kosa la hapa kwetu lina msimu wake. Julai milimani ni mwezi wa ukungu na baridi. Sufuria iliyokuwa nyuzi 32 inaposubiri hushuka hadi 28, mgando unachelewa, na mtengenezaji akidhani dawa imekuwa dhaifu anaongeza nyingine. Maziwa yanaganda, anafurahi, na Septemba jibini inakuwa chungu. Jambo hilo hilo huwapata wanaochemsha maziwa mpaka yafure kama ya chai. Joto kali huyabadili maziwa yakashindwa kuganda sawasawa, kisha reneti huongezwa mara mbili, mara tatu, bila faida. Mama huyu huipima reneti kwa kipimo cha kwenye chupa, haongezi hata tone, bali huifunga sufuria kwa blanketi.

Vyanzo vingine vya uchungu huanzia kabla ya jikoni. Maziwa yaliyokusanywa kidogo kidogo kwenye friji kwa siku tatu au nne huotesha bakteria wanaopenda baridi. Moto huwaua wao, lakini vimeng'enya vyao vya kukata protini hustahimili moto na kubaki kazini. Maziwa ya kiwele kigonjwa nayo yana vimeng'enya vya aina hiyo kwa wingi. Kwa hiyo mama huyu hutumia maziwa ya jioni na ya asubuhi yake, basi.

Kuna uchungu mwingine wa chumvi yenyewe, na hutofautishwa kwa urahisi. Chumvi yetu nyingi hutoka pwani, maeneo ya Gongoni na ghuba ya Ungwana, ambako maji ya bahari hukaushwa kwa jua. Bahari ina magnesiamu pia, na chumvi isiyooshwa vizuri hubaki nayo. Magnesiamu ni chungu. Uchungu huo huonekana tangu siku za kwanza, uko kwenye ngozi, na hupungua ukiikwangua. Uchungu wa protini huja umechelewa, umeenea mpaka katikati, na haukwanguliki. Anayeonja ngozi peke yake na moyo peke yake hupata jibu kwa dakika moja.

Limebaki lile pasuko la mwezi wa pili, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu usafi wa jikoni haulizuii. Huletwa na klostridia, bakteria wanaosafiri wakiwa mbegu ngumu ambazo nyuzi 63 haziziui. Hukaa udongoni, na huzaliana ndani ya saileji iliyoshindiliwa vibaya. Wafugaji wa Kieni na wa kuelekea Nanyuki, ambako ukame huja mara kwa mara, huhifadhi mabua ya mahindi na majani ya nepia kwenye mashimo na mifuko. Udongo ukiingia, au hewa ikibaki, asidi haipandi vya kutosha na klostridia huongezeka. Ng'ombe huzila mbegu zao ngumu, nazo hupita tumboni salama, hutoka na kinyesi, kinyesi hugusa chuchu, na mbegu hizo zinaingia mkebeni. Ndani ya jibini husubiri. Hazihitaji sukari. Hula asidi ya maziwa yenyewe iliyotengenezwa na mbegu njema, na kutoa gesi pamoja na asidi ya butiriki, yenye harufu ya matapishi. Jibini hupasuka kati ya wiki ya tatu na miezi kadhaa, ikianzia moyoni, mahali chumvi ilipochelewa kufika.

Viwanda vikubwa vina mashine za kuzitenga mbegu hizo kwa mzunguko wa kasi, au hutumia naitreti, au laizozaimu ya ute wa yai. Nyumbani vilivyopo ni vitatu. Kwanza ni kuosha na kukausha chuchu kwa kitambaa cha kila ng'ombe peke yake. Pili ni kufanya jibini ndogo, ya kilo moja au pungufu, ili chumvi iwahi moyo. Tatu ni kukubali kalenda ya malisho. Miezi ambayo ng'ombe wake wanakula saileji, mama huyu hafanyi gauda ya kukaa. Hufanya jibini laini ya kuliwa ndani ya wiki, kabla klostridia hawajapata nafasi ya kuamka, na kalibu za gauda hurudi mezani mvua inapoleta majani mabichi.